Kadi Yenye Kibandiko Kimoja

Tomi alifika kwetu Morogoro ndani ya boksi la sabuni, akiwa na umri wa wiki sita, na kadi yake ya chanjo imekunjwa pembeni. Kwenye kadi kulikuwa na kibandiko kimoja kidogo, kile ambacho daktari wa mifugo hukibandua kwenye kichupa cha chanjo na kukibandika mbele ya tarehe. Aliyetupatia alituambia, "Huyu kachanjwa tayari, msiwe na wasiwasi." Tukaridhika.

Wiki tano baadaye, asubuhi moja, Tomi aligoma kula. Mchana akatapika povu. Usiku akaanza kuhara damu, na harufu yake ni ile ambayo ukishainusa mara moja huisahau tena. Kulipokucha tukamkimbiza kwa daktari, akatundikiwa dripu. Alfajiri ya siku ya tatu alikuwa ameshakufa. Ilikuwa parvo.

"Lakini alikuwa amechanjwa, daktari," nilimwambia.

"Alichanjwa mara ngapi, dada?"

Nikamwonyesha kadi. Akakitazama kile kibandiko kimoja, akaikunja kadi taratibu na kunirudishia. Kisha akavuta kiti, akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema, huenda Tomi angekuwa hai. Ndilo ninaloliandika hapa, pamoja na yale niliyojifunza kwa mbwa aliyemfuata.

Kinga ya mama na pengo lake

Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu bila kinga yoyote. Kinga ya kuanzia maisha huipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya mama yake. Ndani ya dang'a mna kingamwili ambazo mama alijijengea kwa kuchanjwa au kwa kuugua akapona, na utumbo wa mtoto huzipokea katika siku ile ya kwanza tu ya maisha yake. Baada ya hapo mlango hufungwa. Alichokipata ndicho hicho, na kila wiki inayopita kinapungua.

Kingamwili hizo humlinda mtoto anapokuwa mchanga kabisa, lakini pia huizuia chanjo. Chanjo ya parvo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na mwili wa mtoto hujifunza kujilinda kwa kukiona kirusi hicho kikizaliana ndani yake. Kingamwili za mama hazijui kwamba hiki ni kirusi cha mafunzo. Zikikikuta, zinakimaliza kabla mwili wa mtoto haujajifunza lolote. Sindano imechomwa, kibandiko kimebandikwa, na kinga haipo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Tomi, aliyechomwa sindano moja akiwa na wiki sita.

Kwa nini basi tusingoje kinga ya mama iishe yote ndipo tuchanje? Kwa sababu hakuna ajuaye itaisha lini. Inategemea mama alikuwa na kinga kiasi gani, na mtoto alinyonya dang'a kiasi gani siku ile ya kwanza. Watoto wa uzao mmoja hutofautiana: mmoja kinga ya mama inamtoka akiwa na wiki saba, mwenzake inadumu mpaka wiki ya kumi na nne. Na kwa kila mmoja kuna siku kadhaa za hatari, ambapo kingamwili zilizobaki ni chache mno kuzuia ugonjwa wenyewe, ila bado zinatosha kuiharibu chanjo. Pengo hilo huwezi kuliona kwa macho. Mtoto anacheza, anakula, ananenepa, huku hana kinga.

Dawa ya pengo hilo ni kurudia. Anachanjwa kati ya wiki ya sita na ya nane, kisha kila baada ya wiki tatu au nne, hadi afikishe angalau wiki kumi na sita. Wengi wetu hudhani dozi ya pili na ya tatu zinaongeza tu nguvu ya ile ya kwanza, kwa hiyo hata tukiziacha si kitu. Kumbe kila dozi ni kubisha hodi upya, kwa kuwa hujui kama mara iliyopita mlango ulifunguliwa. Na dozi iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya mwisho, ya wiki ya kumi na sita, kwani kufikia umri huo watoto karibu wote wameshaishiwa na kinga ya mama.

Kalenda ya Pili

Baada ya Tomi tulikaa mwaka mzima bila kuleta mbwa mwingine, na hatukufanya hivyo kwa ajili ya majonzi peke yake. Kirusi cha parvo hutoka kwa wingi kwenye kinyesi cha mbwa mgonjwa, na kwenye udongo wenye kivuli na unyevu kinaweza kuishi miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Sabuni ya kawaida haikiui. Sakafu na vyombo tulivisugua kwanza mpaka uchafu ukatoka wote, ndipo tukapaka maji ya jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo thelathini vya maji, tukayaacha dakika kumi kabla ya kusuuza. Boksi na matambara yake tuliyachoma. Udongo wa uani hauoshwi kwa jiki ukatakata, kwa hiyo tulikata matawi ya mwembe yaliyoweka kivuli upande ule, tukaliachia jua na muda.

Ndipo akaja Pili. Mara hii niliuliza tarehe ya kuzaliwa kabla ya kuuliza bei. Amezaliwa tarehe 3 Machi, nikaambiwa, nami nikakaa na kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Wiki nane zinaangukia tarehe 28 Aprili, kumi na mbili tarehe 26 Mei, na kumi na sita tarehe 23 Juni. Siku hizo tatu nikazizungushia duara, na ndizo zilizotuongoza katika kila jambo lingine.

Chanjo aliyopewa siku zote tatu ni ile ya pamoja, ambayo kwenye kibandiko huandikwa herufi kama DHPPi na L. Ndani yake mna kinga ya distempa, homa ya ini ya mbwa, parvo na kikohozi cha mbwa, na ile L ni ya leptospira, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na unaoweza kumpata hata binadamu. Usiishie kuuliza kama mbwa "amechanjwa sindano". Soma kibandiko uone ni chanjo gani. Tumeona mbwa aliyechanjwa kichaa pekee, mwenyewe akiamini amekingwa na kila kitu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni sindano ya peke yake. Pili aliipata tarehe 26 Mei, akiwa na wiki kumi na mbili, na hurudiwa baada ya mwaka mmoja, kisha kwa kufuata muda ulioandikwa kwenye chanjo husika. Ikipita kampeni ya chanjo mtaani kwenu, kama zile zinazofanyika kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, mpeleke hata kama hajatimiza miezi mitatu, kisha arudie akifikisha umri. Kichaa kikishaonyesha dalili, kwa mbwa au kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mtu akiumwa na mbwa asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, halafu aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu.

Jambo jingine la kuangalia ni baridi ya chanjo. Inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi inapochanganywa. Mtu akija nyumbani kwako na kichupa mfukoni mwa suruali, anachokuchomea mbwa wako ni maji. Anayejua kazi yake huja na kibebeo chenye barafu, huchanganya mbele yako na kuchoma papo hapo. Baada ya sindano, kaa naye karibu kwa nusu saa. Kusinzia siku moja na kula kidogo ni kawaida. Kuvimba uso, kutapika au kulegea ghafla si kawaida, na hapo unamrudisha kwa daktari bila kusubiri.

Kabla ya dozi ya mwisho, na wiki mbili baada yake, Pili hakukanyaga barabarani wala kwenye dampo la mtaa, na mbwa wa kupita hawakuruhusiwa uani. Lakini hatukumfungia asione dunia. Umri wa wiki tatu hadi kama kumi na nne ndio mbwa anajifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopa. Jioni nilimfunga kwenye kanga kuukuu, nikampakata hadi dukani. Akaona bodaboda, watoto wa shule, mzee mwenye fimbo, mama muuza samaki na beseni lake. Miguu yake haikugusa chini, ila macho na masikio yalifanya kazi.

Na ukiona mtoto wa mbwa amekataa chakula, amelegea na anatapika, usimpe uji wa chumvi ukangoje kesho. Kinachoua upesi katika parvo ni kuishiwa maji, na utumbo uliochubuka unaoruhusu vijidudu kuingia kwenye damu. Bonyeza ufizi wake kwa kidole: kwa mwenye afya ni wa waridi na unyevu, na rangi hurudi ndani ya sekunde mbili. Ukiwa mkavu, unanata au umepauka, muda wake umebaki mfupi. Hakuna dawa ya uhakika ya kukiua kirusi chenyewe. Daktari humbeba mgonjwa kwa dripu na dawa za kuzuia vijidudu mpaka mwili upambane, na wanaofikishwa mapema wengi hupona.

Sahani nne kwa siku

Tumbo la Pili siku alipokuja lilikuwa la duara na gumu kama ngoma, huku mbavu zikihesabika. Hiyo si shibe, ni minyoo. Mtoto wa mbwa huambukizwa minyoo tangu akiwa tumboni mwa mama, na mingine huipata kwenye maziwa. Ndiyo sababu dawa huanza akiwa na wiki mbili, ikarudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita, kwa kipimo kinachofuata uzito wake. Minyoo hiyo huingia hata kwa watoto wetu wanaochezea udongo, kwa hiyo kinyesi kizolewe kila siku.

Alikuwa na kilo tatu. Mtoto wa uzito huo anahitaji chakula kingi kuliko tunavyodhani, kwa sababu kwa kila kilo ya mwili wake anatumia nguvu mara mbili hivi ya mbwa mzima. Lakini tumbo lake ni dogo, hawezi kukila kwa mkupuo. Hadi wiki ya kumi na mbili tulimlisha mara nne: saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi alasiri na saa moja usiku. Kuanzia tarehe 26 Mei, ile duara ya pili kwenye kalenda, tukamlisha mara tatu. Alipofikisha miezi sita, mwanzoni mwa Septemba, tukabaki na mara mbili. Sahani ilikaa chini robo saa, kisha ikaondolewa hata kama hakumaliza. Maji safi yalikuwepo mchana kutwa.

Kwa chakula kikavu cha dukani cha watoto wa mbwa, kilo tatu ni kama gramu 120 kwa siku, yaani theluthi moja ya kikombe cha chai kwa kila mlo, na uzito ukiongezeka unafuata jedwali la nyuma ya mfuko. Chakula hicho ni ghali, na nyumba nyingi hupika. Kupika kunafaa ukijua kinachokosekana. Sisi tulichanganya nusu kwa nusu: nusu wali au ugali laini, nusu dagaa, nyama au yai lililochemshwa, na kipande kidogo cha boga au karoti. Dagaa tuliwaosha kuondoa chumvi na mchanga, tukawakausha, tukawasaga wazima na vichwa na miiba yao.

Miiba hiyo ndiyo siri. Mtoto wa mbwa anayekua anahitaji madini ya kalisi kwa wingi, na ugali hauna. Nyama tupu isiyo na mfupa nayo haina. Anayelishwa ugali na mchuzi, au maini na nyama tu, mwili wake huchota kalisi kwenye mifupa yake mwenyewe. Dalili utaiona akiwa na miezi mitatu au minne: miguu ya mbele inapinda matege, viganja vinatanuka, analia akiguswa mgongo, na siku nyingine mguu unavunjika kwa kuruka ngazi moja. Ukiona hayo, usimwongezee madini kwa kubahatisha, kwani yakizidi nayo hudhuru. Apimwe na daktari.

Vitu vinavyotoka kwenye sahani zetu ndivyo hudhuru zaidi. Mchuzi wa kiporo una kitunguu, na kitunguu, kiwe kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitunguu saumu vilevile. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti vyenye ncha na kutoboa utumbo. Maziwa ya ng'ombe huharisha wengi wao. Unga ulioota ukungu, ule tunaosema "huu mpe mbwa", una sumukuvu, na ini la mbwa haliihimili kabisa. Unga wa namna hiyo ni wa kufukia.

Akija kwako, mpe kwa siku chache chakula kilekile alichokuwa akila kule, kisha changanya kipya kidogo kidogo kwa wiki nzima. Halafu kila Jumapili pitisha vidole ubavuni mwake. Mbavu zinatakiwa zipapasike bila kubonyeza, lakini zisionekane kwa macho.

Kinachoingia kwa saa, hutoka kwa saa

Ratiba ile ya sahani nne ndiyo iliyonirahisishia kazi ambayo wengi huikatia tamaa: kumfundisha kutojisaidia ndani. Mtoto wa mbwa akila, utumbo wake huamka, na baada ya dakika kumi hadi ishirini atataka kujisaidia. Akila ovyo ovyo siku nzima, atajisaidia ovyo ovyo siku nzima. Akila kwa saa, unajua lini umtoe.

Kwa hiyo nilimtoa baada ya kila mlo, kila alipoamka, na kila baada ya mchezo. Katikati ya hapo, kila baada ya saa mbili. Kipimo cha kukadiria ni umri wake kwa miezi, ujumlishe saa moja: wa miezi miwili hujizuia kama saa tatu, wa miezi mitatu saa nne. Hicho ni kikomo akiwa ametulia. Akiwa anacheza ni kifupi zaidi, na kumwadhibu kwa kukivuka ni kumwonea.

Nilimpeleka kila mara mahali pamoja, nyuma ya mpapai, nikasimama kimya. Harufu ya jana humkumbusha kazi ya leo. Alipomaliza tu, kabla hajainua mguu kuondoka, nilimsifu na kumpa punje moja ya dagaa. Ukingoja mrudi ndani ndipo umpe, yeye anaelewa kwamba dagaa ni malipo ya kuingia mlangoni.

Usiku alilala kwenye boksi la mbao karibu na mlango wa jikoni. Mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala, lakini hiyo ni kweli boksi likiwa la kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Mwanzoni nililifanya kubwa nikidhani namfanyia hisani. Akalala pembe hii, akakojoa pembe ile. Nikalikata kwa ubao, na usiku uleule lilibaki kavu. Nilimtoa saa nne na nusu usiku, saa tisa, na alfajiri saa kumi na moja, bila mchezo wala maneno, kisha kulala. Baada ya wiki tatu, ile ya saa tisa haikuhitajika tena. Na kama mbwa wenu analala bandani uani, kanuni ni zilezile. Kinachobadilika ni kwamba mnalinda baraza na banda lenyewe badala ya sebule.

Makosa yalikuwepo. Kwa wiki moja niliyaandika kwenye daftari, na nikaona karibu yote yanatokea saa kumi na moja jioni, watoto wakishatoka shule na kumchezesha. Hakuwa mkaidi, alisahau kwa furaha. Tukakatiza mchezo kila robo saa, akatolewa nje. Dalili zilikuwa wazi nilipojua kuzitazama: anaacha ghafla anachokifanya, ananusa sakafu, anazunguka. Nikimkuta katikati ya tendo, nilipiga kofi moja la mikono, nikambeba nje amalizie huko. Nikikuta dimbwi limeshapoa, nilifuta nikanyamaza. Kumsugua pua kwenye mkojo, kama wengi tulivyoona kwa wazee wetu, humfundisha kukuogopa, na mbwa anayekuogopa hujificha nyuma ya kochi kukojoa. Mahali pale nilipaosha kwa maji na siki. Vitakasio vyenye amonia huacha harufu inayofanana na mkojo, na humwita arudie.

Mtarajie awe wa kutegemewa kati ya miezi minne na sita. Lakini aliyekwisha kujifunza akianza tena kukojoa ndani mara kwa mara, matone matone au yenye damu, hayo si makosa ya tabia. Huenda kibofu kina maambukizi, na dawa iko kwa daktari.

Tarehe 23 Juni Pili alipata kibandiko chake cha tatu cha chanjo ya pamoja. Tukahesabu wiki mbili za mwili kumaliza kujijenga, zikaangukia Sabasaba, watu wote wako nyumbani. Asubuhi hiyo alitoka bandani, akaenda mwenyewe nyuma ya mpapai, akarudi akakaa mbele ya geti kama aliyeambiwa siku imefika. Nikafungua. Akasimama kwanza kizingitini akinusa vumbi la barabara ambayo kwa wiki kumi alikuwa akiiona kutoka mikononi mwangu tu, kisha akashusha mguu wa mbele.

Kadi yake ninaitunza kwenye droo moja na ya Tomi.